Shajara: tunaandika kitabu cha mauzo cha taa za dagaa, giza kwa giza

Jumatatu, wiki ya kwanza

Naanza kuandika hii shajara leo kwasababu tumekaa kikao pale ofisini Kirumba, Mwanza, na nimetoka na kichwa kizito. Tuko watu wanne tu. Mimi, fundi wetu, dada anayeshika upande wa Mwaloni na mjini, na kijana anayezunguka Igombe na Kayenze kwa pikipiki. Tunauza taa za sola za kuvulia dagaa, seti ya taa nne na betri zake na paneli ya kuchajia pwani, laki tisa. Kwenye daftari la mauzo kuna majina 41 yameandikwa MOTO kwa wino mwekundu, na katika hao 41 walionunua miezi mitatu iliyopita ni watatu.

Nikamuuliza kijana, hawa wa moto ni moto kivipi? Akaniambia bosi huyu alinipokea vizuri sana, alinipa na soda. Dada naye wa kwake ni moto kwasababu alisema atapiga simu. Yani kila mtu anaandika anavyojisikia akitoka kwa mteja, na mimi nilikuwa nachukua hayo majina naagiza mzigo, pesa inalala stoo miezi miwili.

Kwahiyo tumeamua kuandika kitabu cha mauzo. Kisiwe kikubwa, kiwe na mambo matatu: mteja anapita hatua gani mpaka analipa, mteja gani tumfuate na yupi tumuache mapema, na yale maneno ya kukataa tunayoyasikia kila siku yajibiwe vipi. Nitaandika mimi, wao wananipa maneno ya ufukweni.

Alhamisi, wiki ya kwanza

Nimeandika kurasa 19. Nimewatumia kwa WhatsApp usiku, asubuhi nikaona tiki za bluu zote tatu na hakuna aliyesema neno. Mchana nikamuuliza dada ukurasa wa hatua umeuonaje akanyamaza kidogo, akasema kaka mimi nikiwa Mwaloni na watu wamebeba magunia wananipita huku na huku nitafungua saa ngapi kurasa 19. Yuko sahihi kabisa. Nimefuta.

Kosa jingine kubwa zaidi nimeliona mwenyewe nikisoma upya. Hatua zangu zote zilikuwa zinaeleza sisi tumefanya nini. "Tumempigia", "tumemtembelea", "tumempa bei". Sasa sisi tunaweza kumpigia mtu mara kumi na kumpa bei mara kumi na bado hajasogea hata inchi moja kuja kwetu. Hatua inatakiwa iseme YEYE amefanya nini, kitu kinachoonekana, ambacho hata mtu mwingine wa timu akiuliza anaweza kukithibitisha. Soda haithibitishi kitu, hapa kwetu mgeni anapewa soda hata kama hununui chochote kwake.

Jumamosi

Hatua mpya, nimekaa na fundi tumezipunguza mpaka tano. Naziandika hapa kwa maneno marefu, kwenye kitabu zitakuwa mstari mmoja mmoja.

Hatua ya kwanza tumeiita Tunamjua. Mtu haingii hapo mpaka tujue mitumbwi yake ni mingapi, inavua dagaa kweli, na kila mmoja unabeba karabai ngapi. Jina na namba ya simu peke yake ni simu tu, haijawa mteja.

Ya pili ni Ametoa hesabu. Hapa mwenyewe, kwa mdomo wake, ametuambia lita za mafuta ya taa anazochoma kwa usiku mmoja. Tumeiweka hivyo kwasababu mtu asiyetaka kununua hakai chini kukutajia lita zake, atakwambia tu mafuta ghali siku hizi na atageuza mazungumzo. Anayeanza kuhesabu na vidole mbele yako huyo ameshaanza kufikiria.

Ya tatu ni Jaribio. Amechukua taa moja ya majaribio, ameacha amana ya shilingi 20,000, na taa imeingia ziwani ikawashwa pembeni ya karabai zake. Amana anarudishiwa taa ikirudi. Tulibishana sana kuhusu hii amana, kijana alisema watu watakataa, mimi nikasema ndio maana tunaiweka. Asiyeweza kuacha elfu ishirini ya kurudishiwa hawezi kutoa laki tatu ya kuanzia.

Ya nne tumeiita Mezani, yani mwenye chombo na nahodha wake wamekaa pamoja na sisi wakakubaliana gharama ya taa itakatwaje. Hii mwanzo haikuwepo kabisa, nimekuja kuiongeza hapa baadaye, baada ya kilichotokea Igombe wiki ya tatu ambacho nimekieleza chini.

Ya tano Amelipa, malipo ya kwanza yameingia. Na baada ya hapo hatumuachi, fundi anampigia giza la kwanza likiisha, yani kile kipindi cha usiku usio na mbalamwezi ambacho vyombo vinavua dagaa, ila hiyo tumeihesabu kama kazi ya fundi sio hatua ya mauzo.

Dada akapendekeza kitu kizuri ambacho nimekiingiza moja kwa moja: kila jina liwe na jambo linalofuata na liandikwe ni giza gani. Jina lisilo na jambo linalofuata linashuka hatua moja hata kama mwenye jina ni rafiki yako.

Jumatatu, wiki ya pili

Leo nimepitisha yale majina 41 kwenye hatua mpya. Imenichukua asubuhi nzima na dada alikuwa na mimi kwenye simu ya pili tunapiga moja moja. 22 hatujui hata wana karabai ngapi. 6 kumbe ni wavuvi wa sangara, wanatega nyavu na ndoano, hawana kazi na taa ya kuvutia dagaa. Kijana alilala kambini kwao siku mbili kipindi kile na alipokelewa vizuri kweli, hakuna aliyemdanganya, hakuuliza tu. Waliotoa hesabu ni 9. Waliobaki wanne, watatu ndio hao waliokwishanunua na mmoja ana taa ya majaribio tangu mwezi uliopita hatujaifuatilia.

Kijana alinuna kidogo. Nimemwambia mdogo wangu hizi namba hazikusemi wewe vibaya, mimi ndiye sikukupa cha kuuliza.

Jumatano, wiki ya pili

Leo ni ya mwezi. Naona hiki ndio kitu muhimu kuliko vyote kwenye kitabu chetu na sikukiona kwenye mafunzo yoyote ya mauzo niliyowahi kuhudhuria.

Kwenye mafunzo wanafundisha ile ya IBM ya herufi nne, kwamba ukimpima mteja uliza bajeti, mamlaka ya kuamua, hitaji, na muda. Ni maswali mazuri nimeyaweka. Lakini "muda" kule ina maana robo ya mwaka au mwisho wa mwaka wa hesabu. Kwetu muda ni mwezi wa angani. Dagaa anafuata mwanga, taa inafanya kazi kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwaka mwanga umetapakaa ziwa zima na taa yako haimvuti dagaa. Kwahiyo kila siku 29 na nusu mwezi ukizunguka kuna wiki na kidogo hivi vyombo vinapanda mchangani, wavuvi wanashona nyavu, wanapaka mitumbwi, wengine wanaenda nyumbani, na matajiri wanapiga mahesabu.

Sasa tazama sisi tulivyokuwa tunafanya. Kijana alikuwa anaenda Kayenze siku yoyote pikipiki ikiwa na mafuta. Akienda katikati ya giza anamkuta mwenye chombo hajalala, asubuhi ana dagaa za kuanika mvua isije, wanunuzi wanamzunguka, halafu huyu anamfungulia begi la taa. Atamwambia nini zaidi ya "njoo siku nyingine". Na akienda mwanzo wa giza kabisa hela yote imeingia kwenye mafuta na chakula cha kambi, mtu hana kitu mkononi.

Kwahiyo tumeandika hivi. Kuonana na mtu kwa mara ya kwanza na kukaa mezani ni kipindi cha mbalamwezi, siku tatu nne za mwanzo baada ya vyombo kupanda, mahesabu yamepigwa na hela haijatawanyika. Jaribio ni giza likishakolea. Malipo tunayaweka mwisho wa giza. Mteja akisema "njoo mwezi ujao" tunamuuliza kwa upole, mzee ni mwezi wa kalenda au mbalamwezi ijayo? Wengi wanataja mbalamwezi. Anayetaja mbalamwezi na siku anabaki kwenye hatua yake, anayesema "tutaona" anashuka.

Fundi amebandika kalenda ya mwezi ukutani, ameweka kalamu nyeusi siku za giza na njano siku za mbalamwezi. Ratiba za safari zote sasa zinapangwa pale.

Ijumaa, wiki ya pili

Vigezo vya kumpima mteja. Nimeandika vitano nikabaki na vitatu. Kila kigezo niliuliza, mteja akikosa hiki tulishawahi kumuuzia? Kama tulishamuuzia basi sio kigezo, ni mapendeleo yangu tu.

Kwanza, chombo ni chake au amekodi. Aliyekodi hawezi kuweka laki tisa kwenye chombo ambacho mwenyewe anaweza kukichukua giza lijalo. Huyu tunamuomba atuunganishe na mwenyewe, tunamshukuru, basi.

Pili, dagaa wake anauza huru au ameshakula advansi. Hili dada ndiye alilileta kutoka Mwaloni. Wapo wenye vyombo ambao mnunuzi amewakopesha nyavu au hela ya mafuta na kwa makubaliano hayo dagaa wote wanaenda kwake kwa bei yake mpaka deni liishe. Ukiongea na mwenye chombo anakubali kila kitu, hatua zote anapita, halafu kwenye malipo anasema "ngoja niongee na mwenzangu" na unangoja mpaka unachoka. Mwenzake ndiye huyo mnunuzi. Tukishajua mapema hatumuachi, tunamuomba mnunuzi aje mezani, kwasababu mafuta yakipungua na yeye hela aliyokopesha inarudi haraka. Dada ameuza seti mbili kwa njia hii na kwa kweli nilikuwa sijui alifanyaje.

Tatu, giza lililopita chombo kilitoka usiku mangapi. Tunauliza usiku aliotoka kweli, upepo na ubovu wa mashine umeshatolewa, hatuhesabu kwenye kalenda. Ukiuliza "huwa mnatoka siku ngapi" utaambiwa 20 na kila mtu, maana huo ndio usiku wa giza lote. Ukiuliza la juzi lililopita utapata 16, 14, 18. Hesabu yote ya kulipa inasimama kwenye namba hii, kama utaona chini.

Jumanne, wiki ya tatu. Igombe

Mbalamwezi imefika, nimepanda pikipiki na kijana twende kwa mzee mmoja wa Igombe mwenye mitumbwi miwili. Yuko kwenye wale 9 waliotoa hesabu. Nilitaka kumsikiliza kijana anavyoongea kabla sijaandika sehemu ya pingamizi.

Tukamkuta chini ya mwembe na nyavu magotini. Mwangaluka, tukakaa, habari za nyumbani, za ziwa, upepo. Kijana akaanza vizuri kabisa, akarudia hesabu ya mzee mwenyewe. Karabai nne kwa chombo, kila moja inakunywa lita moja na nusu kwa usiku, ni lita sita. Tukaweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, ni 18,000 kwa usiku. Usiku 20, ni 360,000 kwa giza moja. Seti laki tisa. Kijana akamalizia kwa furaha, mzee wangu ndani ya magiza mawili na nusu hela yako yote imerudi, baada ya hapo ni faida tupu.

Mzee akaacha sindano ya nyavu akatuangalia. Akasema kijana, hiyo hela ya mafuta sio yangu peke yangu.

Kijana akarudia hesabu, akidhani mzee hakuelewa. Nikamshika mkono. Nikamuomba mzee atueleze anavyogawa.

Kwake inaenda hivi: dagaa wakiuzwa, kwanza inatolewa gharama ya usiku ule, mafuta ya taa, petroli, chakula. Kinachobaki nusu ni ya chombo, yani yake, na nusu ni ya wavuvi wanagawana. Kwahiyo mafuta ya taa yanalipwa na wote, yanatoka kabla ya mgao. Tukiyaondoa yale mafuta, 18,000 iliyookolewa inaingia kwenye mgao, 9,000 anapata yeye na 9,000 wanapata wavuvi. Lakini laki tisa ya taa anaitoa yeye peke yake mfukoni. Kwake sio magiza mawili na nusu, ni matano. Na hapo ni kama vyombo vimetoka usiku wote 20.

Nilikaa kimya nikajisikia vibaya kwa wateja wote tuliowaambia mawili na nusu. Wale hawakuwa wagumu wala hawakukosa elimu. Walikuwa wanajua hesabu yao kutuzidi na walikuwa wanatusitiri kwa kusema "bei kubwa".

Jumanne ileile, usiku

Siwezi kulala bila kuandika hii. Tulibaki kwa mzee mpaka jioni, akamuita na nahodha wake, tukaandika na kijiti mchangani kisha nikahamisha kwenye daftari.

Swali lilikuwa, kama mafuta yanatolewa kabla ya mgao, kwanini taa isitolewe kabla ya mgao? Nahodha akauliza moja kwa moja, sisi tutapata nini. Swali zuri, na ndio maana lazima awepo. Tukaweka mfano wa usiku dagaa wameuzwa laki tatu, petroli na chakula tumeviacha pembeni kwasababu havibadiliki. Kwa karabai, laki tatu toa 18,000 inabaki 282,000, kila upande 141,000. Kwa taa ya sola, tukakubaliana ikatwe 12,000 ya taa badala ya 18,000 ya mafuta. Laki tatu toa 12,000 inabaki 288,000, kila upande 144,000. Wavuvi wamepata 3,000 zaidi kwa usiku bila kutoa hata senti, na mzee amepata 3,000 zaidi pamoja na ile 12,000 inayorudisha taa yake. 900,000 gawa kwa 12,000 ni usiku 75. Kwa usiku 20 kila giza ni magiza manne hayajatimia.

Nahodha akasema basi na zikiisha zile 75? Mzee akajibu mwenyewe, ishuke iwe 4,000 ya kununua betri zikichoka. Nahodha akakubali. Sisi hatukusema kitu hapo, na naona ilikuwa vizuri hatukusema.

Kuhusu kulipa kwetu tukapanga laki tatu ya kuanzia na laki mbili kila mwisho wa giza mara tatu. Makato ya giza ni 240,000 akitoka usiku 20, yanatosha laki mbili. Kijana alitaka kusema taa itajilipa yenyewe, nikamuangalia akanyamaza, kwasababu mzee giza lililopita alitoka usiku 15. 15 mara 12,000 ni 180,000, inapungua elfu ishirini na lazima ajue leo kwamba hiyo atajazia mfukoni. Tulimwambia hivyohivyo. Akasema sawa, nilikuwa nimeshaiona.

Hakulipa leo. Amechukua taa moja ya majaribio, ameacha 20,000. Kwenye daftari ameandikwa Jaribio, jambo linalofuata ni giza hili.

Alhamisi, wiki ya tatu

Nimeandika ukurasa wa pingamizi upya wote. Utaratibu ni kwamba maneno yanaandikwa kama mteja alivyoyasema, halafu swali moja la kuuliza, halafu kitu cha kuonyesha. Hotuba nimezitoa. Mtu akikataa ukamjibu kwa hotuba anazidi kusimama palepale.

"Bei kubwa." Hili tumeligundua ni maneno matatu yamevaa shati moja. Kuna ambaye hana hela leo, kuna anayelinganisha na taa ya bei rahisi aliyoiona sokoni, na kuna wa mzee wa Igombe ambaye hesabu ya mgao haimlipi. Swali letu: "Kubwa ukilinganisha na nini mzee?" Kisha unanyamaza, kweli unanyamaza. Akitaja mfuko, unarudi kwenye siku ya mwisho wa giza. Akitaja taa nyingine, unaenda kwenye lile la betri hapa chini. Akitaja mafuta au wavuvi wake, unaomba nahodha aitwe.

"Taa za sola zinazima usiku wa manane." Huyu amewahi kuumia, ameshanunua au jirani yake amenunua. Usimbishie. Uliza ilizima saa ngapi na ilikuwa siku ya mvua au ya jua. Halafu fundi ametuandikia ya kuonyesha: taa yetu inakula wati 10, betri yake ni ya wati-saa 150, kwa karatasi inawaka saa 15 lakini sisi tunaahidi saa 10 tu kwasababu betri inazeeka na hatutaki kuimaliza mpaka chini. Ila kama paneli haikupata jua la kutosha mchana, hiyo 10 haipo. Tunasema hivyo bila kuulizwa. Kipindi cha masika kuna siku mbili tatu za mawingu mfululizo, na mwenye umeme karibu na kambi anachajia kwa umeme, asiye nao anabaki na karabai mbili za akiba. Kijana aliogopa kwamba tukisema hivi tunajiharibia. Amejaribu jana Kayenze kwa watu wawili, anasema wote wawili walianza kuuliza maswali ya maana baada ya hapo.

"Dagaa hawapendi huo mwanga." Hapa jibu ni jaribio tu. Hatusemi wanapenda, hatusemi hawapendi. Taa moja, pembeni ya karabai zake, maji yaleyale, usiku mitatu, nahodha ndiye anatoa ripoti. Usiku mmoja hautoshi kwasababu dagaa hawako sawa kila usiku na mtu atasema bahati.

"Ngoja niongee na mwenzangu." Swali: "Mwenzako ni nani, tuje tumsalimie?" Akitaja mke, mnunuzi au ndugu waliyechangia chombo, tumepata mtu wa kumleta mezani. Akikwepa kumtaja mara mbili, hapo tunashusha.

Kurasa zote sasa ni nne, mbele na nyuma, zimewekewa plastiki pale stationari maana pwani maji ni mengi. Bei ya mafuta ya taa tumeiachia nafasi ya kuandika kwa kalamu ya kufutika, kwasababu EWURA wanatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na ukienda na bei ya zamani mteja anajua kabla yako.

Jumamosi, wiki ya tano

Giza limekolea. Nahodha wa Igombe amempigia kijana mwenyewe, sio sisi tuliompigia. Usiku wa kwanza taa yetu ilivuta kidogo kuliko karabai, wa pili sawa, wa tatu ikazidi kidogo. Ila amesema kitu hatukukijua: taa inakaa chini sana kwenye kielea chake, mawimbi yakipanda inafichika. Fundi ametengeneza shingo ya bomba la plastiki sentimita 30 kuinyanyua, tumeipeleka leo asubuhi.

Dada ametoka Mwaloni na pingamizi jipya ambalo halipo kwenye kurasa nne. Mama mmoja mwenye vyombo vitatu amemuuliza, nikinunua taa nikaacha karabai, zile karabai zangu 12 nitazipeleka wapi, ni hela yangu ile. Tumekaa nalo wote wanne. Fundi anasema zilizo nzima anaweza kuzinunua kwa ajili ya vipuri, ila hatujui bei gani haitatuumiza. Kwa sasa tumeliandika nyuma ya ukurasa wa nne kwa kalamu, na sehemu ya jibu iko wazi.

Jumatano, wiki ya saba

Vyombo vimepanda. Mzee wa Igombe ametuma laki tatu kwa simu saa tatu asubuhi, seti ya chombo kimoja, cha pili anasema tutaongea magiza mawili yakipita na nimeandika hivyohivyo kwenye jambo linalofuata. Amana yake ya 20,000 nimemrudishia mkononi ingawa alisema tuikate humo humo, kwasababu tulisema atarudishiwa.

Daftari leo lina majina 17 badala ya 41. Wawili wako Mezani, watano Jaribio, na mzigo nitakaoagiza wiki hii ni seti tatu tu. Kijana na dada kesho wanapanda meli kwenda Nansio, tumeshapiga simu kwa wenye vyombo sita na wote sita wameshatutajia karabai zao.